Nimebadilisha bei ya saruji kwenye shiti ya Bei, jumla imegoma kusogea. Naombeni msaada wakuu

Mkadiriaji_Chipukizi

Habari za jioni wana jukwaa. Nafanya makadirio ya ujenzi kwenye ofisi moja ndogo hapa Morogoro. Mwaka juzi bosi alitengeneza faili zuri sana la Excel kwa nyumba ya Kihonda: kuna shiti ya Bei, ya Msingi, ya Kuta, ya Paa na ya Muhtasari. Sasa tumepata mteja mwingine, nyumba ya vyumba vinne, nikaona nisianze upya. Nikafungua faili jipya nikaliita Mkundi, nikakopi zile shiti moja moja kwa kubofya kulia chini kwenye jina, Move or Copy, nikaweka tiki kwenye Create a copy. Nilianza na Bei ili zingine ziikute pale.

Leo mteja kaniuliza mbona saruji nimeipigia 16,500 wakati dukani ni 18,200. Nikamwambia ngoja nirekebishe. Nimeingia shiti ya Bei kwenye faili la Mkundi, nikaandika 18,200, nikarudi Kuta. Mifuko 140, na bado inasoma 2,310,000, yaani ile ile ya 16,500. Nimeseivu, nimefunga, nimefungua, nimewasha upya kompyuta. Wapi. Kompyuta ina virusi au?

---

Kaka_Mhasibu

Mkuu hiyo ni kitu kidogo tu. Excel yako iko kwenye hesabu za mkono. Nenda Formulas, kisha Calculation Options, chagua Automatic. Au bonyeza F9 tu, utaona zote zinaruka. Hata mimi ilinitokea wakati wa kufunga hesabu za mwezi, nilihangaika siku nzima.

---

Mkadiriaji_Chipukizi

Nimeangalia, iko Automatic tayari. F9 nimebonyeza mpaka kitufe kinaelekea kung'oka.

---

Bi_Fomula

Kaka Mhasibu, ulichosema kinatokea kweli, ila dalili zake ni tofauti. Hesabu zikiwa za mkono, hata ukibadilisha idadi ya mifuko pale pale Kuta jumla haisogei. Chipukizi, fanya jaribio: kwenye Kuta badilisha 140 iwe 141. Jumla ikisogea, hesabu zinafanya kazi na tatizo liko kwenye bei inakotoka.

Halafu bofya ile seli yenye bei ya saruji kwenye shiti ya Kuta, usisome namba, soma kilichoandikwa kule juu kwenye mstari wa fomula. Kikopi kama kilivyo ukiweke hapa.

---

Mkadiriaji_Chipukizi

Nimeweka 141, imesogea. Na kwenye mstari wa fomula kuna hiki:

```
='Z:\Makadirio\2023\[Kihonda.xlsx]Bei'!$C$4
```

Z ni folda ya pamoja ya ofisini.

---

Bi_Fomula

Basi ndiyo hiyo. Kuta yako ya Mkundi haijawahi kuisoma Bei ya Mkundi hata siku moja. Inasoma Bei ya Kihonda.

Ulifikiri ukitanguliza Bei, Kuta ikija itaikuta pale na kuungana nayo. Wengi tunafikiri hivyo, na majina yanafanana kabisa, lakini Excel haiendi kwa jina la shiti tu. Ukikopi shiti moja kwenda faili lingine, fomula zinazogusa shiti yenyewe zinabaki za ndani, ila zile zinazogusa shiti nyingine zinaendelea kuelekea shiti ile ile ya mwanzo, kwenye faili lile lile la mwanzo. Kwenye faili jipya kuna Bei? Haijali. Kwa hiyo unayo shiti ya Bei nzuri, umeipamba, na hakuna anayeisoma.

Sasa nikuulize: ukifungua faili la Mkundi, kuna kisanduku kinatokea kinachokuuliza Update au Don't Update? Unabofya kipi?

---

Mkadiriaji_Chipukizi

Kinatokea kila siku. Nabofya Don't Update, maana kinasema viungo vinaweza visiwe salama. Nikaogopa.

Ngoja, nimejaribu sasa hivi kubofya Update. Imebadilika! Lakini imekuwa 2,380,000. Hiyo si 16,500 wala si 18,200. Sasa hii namba imetoka wapi tena?

---

Fundi_wa_Mitandao

Gawanya kwa 140.

---

Mkadiriaji_Chipukizi

17,000. Dah. Bosi bado anaendelea na Kihonda, alipandisha bei kwenye faili lake mwezi uliopita.

---

Bi_Fomula

Sasa unaelewa kwa nini ilikuwa inakuzungusha. Una bei tatu za mfuko mmoja. 18,200 ni uliyoandika wewe, na haisomwi na mtu. 17,000 ndiyo iliyopo leo kwenye faili la bosi. Na 16,500 ni kumbukumbu: Excel ilipousoma mstari ule mara ya mwisho iliuhifadhi ndani ya faili lako, na kila ulipobofya Don't Update ilikuonyesha ile kumbukumbu bila kukwambia kwamba ni kumbukumbu. Namba ya zamani haina rangi tofauti wala alama yoyote.

Na ukipeleka faili nyumbani kwenye kompyuta isiyo na Z, hata ukibofya Update itashindwa kulipata faili la Kihonda. Ukikubali kuendelea, itakubakishia zile zile za zamani. Ndiyo maana kuwasha upya kompyuta hakukusaidia, wala F9. F9 inakokotoa upya kwa namba zilizopo, haiendi kulifungua faili lililofungwa likalete mpya.

Kabla hujarekebisha chochote, fungua Muhtasari uangalie fomula zake. Uliikopi ya mwisho, sivyo?

---

Mkadiriaji_Chipukizi

Ndiyo, ya mwisho. Nimeangalia:

```
='Z:\Makadirio\2023\[Kihonda.xlsx]Kuta'!$F$30
='Z:\Makadirio\2023\[Kihonda.xlsx]Paa'!$F$22
```

Mungu wangu. Inasoma Kuta ya Kihonda. Ile nyumba ni vyumba vitatu! Na huo Muhtasari nilishautuma kwa mteja Jumanne.

---

Kaka_Mhasibu

Duh. Pole sana mdogo wangu. Na mimi narudisha F9 yangu mfukoni.

---

Mwalimu_Daftari

Mimi nilipatwa na hii kwenye matokeo ya wanafunzi. Dawa yake rahisi: Data, Edit Links, halafu Break Link. Linki zinakatika, kisanduku hakitokei tena, unalala usingizi. Nilifanya hivyo muhula uliopita.

---

Bi_Fomula

Mwalimu, kwa heshima, hebu bofya seli moja ya wastani kwenye faili lako uone kama bado kuna fomula.

---

Mwalimu_Daftari

Kuna 54.3 tu. Hakuna fomula.

...Kumbe ndiyo maana kuna mtoto nilimrekebishia alama za Jiografia na nafasi yake darasani haikubadilika.

---

Bi_Fomula

Ndiyo hivyo. Break Link haihamishi linki, inaiua na kugandisha namba iliyokuwepo wakati huo. Na Undo haiirudishi. Kwa faili ambalo kazi imeisha na unataka kulituma kwa mtu, sawa kabisa. Kwa faili ambalo bado linafanya kazi ni hatari, maana umeondoa onyo na kubakiza ugonjwa. Kama una kopi ya kabla ya hapo, anzia kwayo.

Chipukizi, wewe unachotaka ni kuzigeuza fomula zisome ndani ya Mkundi. Lakini kwanza nijibu: kwenye Bei ya Mkundi umeongeza au kufuta mistari?

---

Mkadiriaji_Chipukizi

Nimeongeza mmoja. Ile ya zamani ilikuwa na saruji ya 42.5 tu, nikaweka ya 32.5 juu yake kwa ajili ya plasta.

---

Bi_Fomula

Nilijua. Hapo ndipo watu wanapotoka shimo moja wanaingia lingine. Fomula ya Kuta inasema C4. Kwenye Kihonda, C4 ni saruji 42.5. Kwako C4 sasa ni 32.5, na 42.5 imeshuka C5. Kwa kawaida ukiingiza mstari, fomula zinaufuata, lakini fomula zako hazikuwa zinaisoma shiti hii, kwa hiyo hazikufuata chochote. Ukizigeuza leo hii zitachukua bei ya 32.5, na kila kifaa kilicho chini yake kitachukua bei ya jirani yake wa juu. Nondo itakula bei ya kokoto, na jumla itaonekana ya kawaida tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Seivu kopi ya faili pembeni kwanza. Kwenye Bei ya Mkundi, nakili pembeni bei ya ule mstari wa 32.5 kisha uufute, mpangilio urudi kama wa Kihonda. Kagua na shiti zingine: mstari wa jumla kwenye Kuta bado uko F30? Paa bado F22? Kama umeongeza mistari pale kwa ajili ya chumba cha nne, andika kwenye karatasi jumla imehamia seli gani.

Halafu seivu, nenda Data, Edit Links (kwenye Excel mpya imeandikwa Workbook Links), chagua Kihonda.xlsx, bofya Change Source, na uchague faili lako lenyewe, Mkundi.xlsx. Ndiyo, unaliambia faili lijisome lenyewe. Likikubali, jina la faili linatoweka kwenye fomula na inabaki hivi:

```
=Bei!$C$4
```

Ukishaona hivyo, ndipo uuingize tena mstari wa 32.5. Safari hii fomula zitaufuata zenyewe.

---

KibaruaWaMombasa

Salaam. Sisi huku afisini twatumia LibreOffice, si Excel, na mambo ni yayo kwa yayo. Fomula yaja na `'file:///` na njia yote ya faili, kisha alama ya `#`. Mimi sikuhangaika na menyu. Nilifungua kutafuta na kubadilisha, nikaweka kile kipande chote kutoka `'file` hadi `#`, na pale pa kubadilishia nikaacha patupu. Zikarudi zote ndani.

---

Fundi_wa_Mitandao

Hata Excel inakubali hiyo, Ctrl+H, ila andika njia yote sawasawa, kuanzia `Z:\` mpaka kwenye `]`, na zile alama za nukuu moja za mwanzo na za mwisho uziache zilivyo. Na jina la shiti lazima liwepo kwenye faili. Jina la shiti likitofautiana hata herufi moja, Excel inafungua dirisha la kukuuliza faili liko wapi, kwa kila seli. Nilikaa nabofya Cancel mpaka nikaizima kwa nguvu.

---

Dada_Takwimu

Samahani kuingilia, mimi natumia Google Sheets. Nilikopi shiti kwenda faili lingine, lakini kwangu haileti namba za zamani, inaleta `#REF!` kila mahali. Ni tatizo hili hili?

---

Bi_Fomula

Chanzo ni kimoja, tabia ni tofauti. Google haibebi linki ya faili la zamani. Fomula inatafuta shiti yenye jina hilo kwenye faili jipya, ikiikosa inapiga kelele. Ukiikopi na ile inayotafutwa na kuipa jina lile lile, maana Google huongeza maneno mbele ya jina inapokopi, kisha ukazigusa zile fomula upya, zinapona. Binafsi naona heri `#REF!` kuliko namba nzuri ya uongo.

---

Mkadiriaji_Chipukizi

Nimerudi. Nimefanya kama ulivyosema, dada. Kuta sasa inasoma `=Bei!$C$4`, nimeuingiza mstari wa 32.5 na ikajigeuza yenyewe kuwa `$C$5`. Mifuko 140 imenipa 2,548,000. Nimepiga na kikokotoo cha simu, sawasawa.

Muhtasari: ya Paa ilikuwa bado F22, lakini Kuta yangu jumla iko F34 kwa sababu niliongeza mistari minne. Ile fomula ilikuwa imeenda F30, ikaleta bei ya nailoni ya unyevu! Nimeirekebisha kwa mkono.

Tatizo lililobaki: nikifungua faili bado kile kisanduku kinauliza. Edit Links bado inaonyesha Kihonda.xlsx. Nimetafuta `[` kwa Ctrl+F, kwenye Within nimeweka Workbook, Look in nimeweka Formulas. Hakuna hata moja.

---

Fundi_wa_Mitandao

Hiyo haiko kwenye seli. Ctrl+F inatafuta ndani ya seli tu. Bonyeza Ctrl+F3 uangalie orodha ya majina, ukiona lolote ambalo kwenye Refers To lina Kihonda, hilo ndilo. Kama hakuna, angalia grafu, halafu zile orodha za kuchagua.

---

Mkadiriaji_Chipukizi

Ctrl+F3 ni tupu, grafu hatuna. Orodha za kuchagua zipo Kuta, safu ya B, ukibofya inashuka orodha ya vifaa.

---

Bi_Fomula

Home, Find & Select, Data Validation. Itakuchagulia seli zote zenye orodha. Kisha Data, Data Validation, soma pale kwenye Source.

---

Mkadiriaji_Chipukizi

Ndiyo yenyewe! Source ilikuwa `[Kihonda.xlsx]Bei!$A$4:$A$60`. Nimeandika `=Bei!$A$4:$A$61`, nikaseivu, nikafunga, nikafungua. Kimya. Hakuna kisanduku.

---

Fundi_wa_Mitandao

Safi. Sasa nikutie hofu kidogo. Lile faili ulilotuma Jumanne, ulilituma kama Excel au kama picha?

---

Mkadiriaji_Chipukizi

Excel, kwa wasapu. Kwa nini?

---

Fundi_wa_Mitandao

Chukua kopi yake, badilisha mwisho wa jina kutoka `.xlsx` uwe `.zip`, lifungue. Ndani kuna folda `xl`, ndani yake `externalLinks`, kuna faili `externalLink1.xml`. Lifungue kwa Notepad. Ile kumbukumbu aliyoisema Bi Fomula inakaa humo:

```
<row r="4"><cell r="C4"><v>16500</v></cell></row>
```

Kama fomula zako zinachukua seli moja moja, zimo hizo seli tu. Lakini kama kuna mahali mmetumia `VLOOKUP` inayosoma jedwali zima la Bei, jedwali zima limehifadhiwa humo. Kama bosi ana safu ya bei ya kununulia pembeni ya bei ya kumpigia mteja, na safu hiyo iko ndani ya jedwali, mteja wako anayo.

---

Mkadiriaji_Chipukizi

Shiti ya Paa ina `VLOOKUP`. Inasoma A mpaka F. Safu ya E ni bei ya jumla tunayonunulia.

Naenda kunywa maji.

---

Kaka_Mhasibu

Tulia, mteja hafungui mambo ya zip. Mwambie umetuma kimakosa, mpe mapya kwa PDF.

---

Mzee_wa_Majedwali

Nimesoma uzi wote. Vijana mnakopi shiti moja moja ndiyo maana mnateseka. Shika Ctrl, bofya majina ya shiti zote tano ziwe zimechaguliwa pamoja, ndipo ufanye Move or Copy mara moja. Zikihama pamoja zinaendelea kusomana zenyewe huko zinakokwenda. Au fungua Kihonda, Save As, ipe jina Mkundi, basi.

---

Bi_Fomula

Shikamoo mzee. Kweli kabisa kwa zote mbili. Mimi napendelea hiyo ya kuchagua zote pamoja, maana Save As inabeba na uchafu wote: shiti zilizofichwa, majina ya zamani, maoni ya mteja wa kwanza. Na hiyo ya kuchagua zote, ukisahau moja iliyofichwa, linki inarudi kwa mlango wa nyuma.

---

Mzee_wa_Majedwali

Marahaba. Ila mimi sikubali kwamba kila faili liwe na Bei yake. Ofisi ya watu wanne, miradi sita, saruji ikipanda unabadilisha mara sita? Weka faili moja la bei kwenye folda ya pamoja, miradi yote iisome kwa makusudi. Linki si adui, kubofya Don't Update bila kusoma ndio adui.

---

Bi_Fomula

Hapo tutabishana mzee. Makadirio niliyompa mteja mwezi wa tatu yalikuwa ya bei ya mwezi wa tatu. Yakisoma faili la pamoja, nikiyafungua mwezi wa tisa kwa bahati mbaya nikabofya Update, mkataba tuliosaini unabadilika mbele ya macho yangu.

---

Mzee_wa_Majedwali

Uliosaini uko kwenye karatasi, mama, hauko kwenye Excel.

---

KibaruaWaMombasa

Naona nyote mna haki, kwa hivyo sijui nifuate lipi.

---

Mkadiriaji_Chipukizi

Bosi anauliza kwa nini bei ya vyumba vinne ya Jumanne ni ndogo kuliko Kihonda ya leo. Nimemwambia nampigia mahesabu upya, atayapata saa nane. Kuna mtu anajua: mteja akifungua lile faili la Jumanne kwenye simu yake, nacho kitamuuliza Update, au kitaonyesha tu namba?